"Hakukuwa na Mtu": Kwa Nini Koni na Vibao vya Muda Barabarani Vitiiwe Hata Mafundi Wakiwa Wamekwenda Kulala

Siku ya pili baada ya upasuaji wake wa kwanza, kijana mmoja aliyelazwa wodini kwetu alinitazama akasema, "Daktari, pale hakukuwa na mtu." Neno hilo nimelisikia mara nyingi katika miaka yangu ya kutibu mifupa iliyovunjika, na kila ninapolisikia huwa najua mgonjwa anasema kweli. Nimebadili mambo machache ili asitambulike, lakini kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Alikuwa dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 26. Saa nne usiku alikuwa amembeba mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akirejea nyumbani. Barabara waliyopita ilikuwa ikipanuliwa. Upande mmoja ulikuwa umefungwa kwa safu ya koni, magari ya pande zote mbili yakipishana kwenye sehemu nyembamba iliyobaki, na kabla ya hapo palikuwa na kibao cha kilomita 30 kwa saa. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma ya koni kijana aliona lami mpya, nyeusi, laini na tupu. Hakuna fundi, hakuna mtambo, hakuna taa. Akapenya katikati ya koni mbili na kuongeza mwendo. Baada ya mita sitini hivi lami ile mpya ilikoma ghafla, kwa kuwa mbele yake palikuwa pamechimbwa ili kuweka kalvati. Kina kilizidi nusu mita. Gurudumu la mbele lilitumbukia.

Mama yule alirushwa mbele, akavunjika mtulinga na kupoteza fahamu kwa dakika chache. Kijana alivunjika muundi wa mguu wa kushoto, na mfupa ukatoboa ngozi na kugusa mchanga wa ujenzi. Mvunjiko wa wazi wa namna hiyo hauponi kwa plasta peke yake. Huanza kwa dawa za kuzuia vimelea mapema iwezekanavyo, chanjo ya pepopunda, na kuoshwa kwa kidonda chumba cha upasuaji ili kuondoa mchanga na nyama iliyokufa. Yeye alioshwa mara tatu, akafungwa vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, kisha akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Pikipiki haikuwa yake, na mwenyewe alimtaka ailipe.

Ni kweli kwamba pale hakukuwa na mtu. Lakini maneno hayo yanabeba dhana inayonitia wasiwasi kuliko ujeuri wa madereva wachache: kwamba koni na vibao vya muda vimewekwa kwa ajili ya mafundi, hivyo mafundi wakiondoka, agizo limeondoka nao. Nadhani madereva wengi waungwana, wasiothubutu kumgonga fundi, wanaamini hivyo bila kujua. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba ukishajua jinsi eneo la ujenzi linavyopangwa, utaona kwa nini kilomita 30 za saa nne asubuhi ni zilezile za saa nne usiku.

Wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa mandhari yenyewe. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kutoa huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ujenzi umehamia Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na kwingineko. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha nayo ilipanuliwa hadi njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2. Kwa wengi wetu, kupita kati ya koni limekuwa jambo la kila siku, na lililo la kila siku huacha kuonekana.

Eneo la ujenzi lililopangwa vizuri lina sehemu tano zinazofuatana. Ya kwanza ni sehemu ya tahadhari, yenye kibao cha pembetatu chenye picha ya mtu aliyeshika koleo, kisha vibao vya kupungua kwa njia na vya mwendo. Ya pili ni sehemu ya kuhamisha magari: safu ya koni iliyolala mshazari, ambayo inakutoa taratibu kwenye njia inayofungwa na kukuingiza kwenye inayobaki wazi. Ya tatu ni nafasi ya kinga. Ya nne ndiyo mahali pa kazi hasa, penye mashimo, mitambo na watu. Ya tano ni sehemu ya kurudisha magari katika njia zao, ambayo huishia kwenye kibao cha kuondoa kikomo cha mwendo.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowadanganya watu. Nafasi ya kinga ni kipande cha barabara kilichoachwa kitupu makusudi kati ya koni za mshazari na mahali pa kazi. Dereva aliyefungwa kwenye foleni hukiona na kujiuliza kwa nini mkandarasi ameminya barabara bure. Kumbe kimeachwa ili gari lililokosa breki, au ambalo dereva wake amesinzia, likipitiliza koni lipate umbali wa kusimama kabla ya kufika kwenye shimo au kwenye mgongo wa fundi. Wasomaji wanaofanya kazi chumba cha upasuaji watanielewa nikisema kwamba nafasi hiyo inafanana na eneo tasa kwenye meza ya vifaa. Jicho la mgeni linaona kitambaa kitupu kinachofaa kuwekewa kalamu. Mwenye kazi anajua kwamba utupu wake ndiyo faida yake.

Kijana wangu alipenya kwenye nafasi hiyohiyo. Lami laini aliyoiona ilikuwa kinga yake mwenyewe, naye akaitumia kuongezea mwendo kuelekea shimoni.

Sasa tuangalie namba ya kwenye kibao. Urefu wa safu ya koni za mshazari hupangwa kwa kuzingatia mwendo unaotarajiwa: mwendo ukiwa mkubwa, safu lazima iwe ndefu zaidi ili dereva apate muda wa kuhama. Nafasi ya kinga nayo hupimwa kwa umbali ambao gari linahitaji ili lisimame. Kwa hiyo kibao cha kilomita 30 na koni zilizopangwa mbele yake ni hesabu moja. Anayepita hapo kwa kilomita 60 si kwamba amevunja sheria tu huku kinga ikiendelea kumlinda. Anapita katikati ya mpangilio uliopimwa kwa mtu mwingine. Ni kama mgonjwa anayemeza vidonge viwili pale palipoandikwa kimoja, akitumaini kwamba usalama wa dawa aliosomewa na mfamasia bado unamhusu.

Hebu tupige hesabu, kwani hapa namba zinasema kuliko nasaha. Dereva makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, muda huo unampeleka mbele mita 12 na nusu. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 5 nyingine, hivyo gari litasimama baada ya mita 17 na nusu. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria Tanzania katika maeneo ya makazi, gari litakwenda karibu mita 21 kabla ya breki kuguswa, na mita 14 za breki. Jumla yake mita 35.

Chukulia kwamba mtoto ametokea nyuma ya lundo la kifusi, mita 25 mbele yako, yaani urefu wa mabasi makubwa mawili. Ukiwa kwenye kilomita 30 utasimama na kubakiwa na zaidi ya mita 7. Utafokewa na moyo wako, nawe utamfokea mtoto, na kila mtu atakwenda nyumbani. Ukiwa kwenye kilomita 50, unapomfikia mtoto utakuwa umekwisha kutumia breki kwa mita 4 tu. Gari lako bado lina mwendo wa kilomita 42 kwa saa. Tofauti uliyodhani ni ya kilomita 20 imegeuka kuwa tofauti kati ya kutomgusa kabisa na kumgonga kwa mwendo ambao mwili wa mtoto hauustahimili. Ikiwa juu ya lami kuna mchanga, kama ilivyo kawaida kwenye ujenzi, breki zitashika kidogo zaidi na mgongano utakuwa mbaya zaidi.

Mtu atasema kwamba usiku hakuna mtoto wala fundi. Sawa, tumwondoe mtoto. Kinachobaki ni barabara yenyewe, na hiyo haiendi kulala. Katika barabara ya kawaida dereva ana akiba ya makosa: bega la barabara pembeni, upana wa kutosha kati yake na gari linalokuja, mistari inayoonekana na lami isiyo na ngazi. Kwenye ujenzi akiba hiyo yote imechukuliwa. Bega limechimbwa. Mistari ya zamani imefutwa nusu na huenda inaelekeza mahali ambapo njia haipo tena. Lori linalokuja linapita hatua moja tu kutoka kioo chako cha pembeni. Kosa dogo ambalo jana lingesamehewa, leo halina pa kuangukia. Kitu pekee kinachoweza kurudisha sehemu ya akiba ile ni mwendo mdogo.

Giza huongeza jambo moja. Koni nzuri ina ukanda unaoakisi mwanga, lakini ukanda huo hautoi mwanga wake wenyewe. Hurudisha tu ule uliotoka kwenye taa zako. Taa za chini za gari lililotunzwa humulika mita 40 hadi 60 hivi. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa anahitaji karibu mita 70 ili asimame. Maana yake ni kwamba kitakachotokea mwishoni mwa mwanga wake atakigonga, hata akiwa macho na breki zake zikiwa mpya. Ukiwa na taa moja hafifu ya pikipiki, au ukanda wa koni ukiwa umefunikwa na vumbi la wiki tatu, umbali huo hupungua sana.

Dereva afanye nini basi? Kazi huanza kwenye kibao cha kwanza, wakati barabara bado ni pana na kishawishi cha kuendelea ni kikubwa. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kioo cha nyuma ujue nani anakufuata, na usianze kulipita gari lolote. Kibao cha mwendo kinaeleza mwendo unaotakiwa kuwa nao unapokifikia. Wengi huanza kukanyaga breki wakiwa wamekifikia, na wanapoingia kwenye koni bado wako juu ya kikomo, huku aliye nyuma akishtuka.

Pale njia mbili zinapokuwa moja, mambo hutegemea msongamano. Magari yakiwa yanakwenda, hamia mapema kwenye njia inayobaki mara unapopata nafasi ya kutosha. Magari yakiwa yanatambaa, tumieni njia zote mbili hadi kwenye koni za mshazari, kisha mwingie kwa zamu, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Anayeingia kwa zamu hapo hajawadhulumu wenzake, na anayembania amezalisha breki za ghafla na ugomvi mahali pasipo na nafasi ya hata kimoja. Mshika bendera akikusimamisha, simama, hata ukiona mbele kweupe. Yeye anajua kilichoruhusiwa upande wa pili wa kona, wewe hujui.

Ndani ya njia nyembamba, acha angalau sekunde tatu kati yako na gari la mbele. Mwache apite kwenye koni fulani, kisha uhesabu. Ukifika kwenye koni hiyo kabla ya kumaliza tatu, umekaribia mno. Tazama mbali mbele na si koni iliyo karibu, kwani mkono hufuata jicho. Ukiwa pembeni mwa lori lenye tela, kumbuka kwamba magurudumu yake ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Likipinda, mpe nafasi yote. Mwenye pikipiki apunguze mwendo na kutumia breki akiwa bado kwenye lami safi na pikipiki ikiwa imesimama wima, kwa kuwa breki ya mbele juu ya mchanga, hasa kwenye kona, humwangusha kabla hajajua kilichotokea.

Kuna kosa moja ambalo napenda kila dereva alijue, kwa sababu limeniletea wagonjwa ambao hawakuwa na mwendo mkubwa sana. Lami mpya mara nyingi huwa juu kuliko pembeni yake, na kingo yake ni kama ngazi. Gurudumu la kushoto likishuka, dereva hushtuka na kuvuta usukani kwa nguvu kuelekea kulia. Gurudumu hugomea kwenye ngazi, likisugua kingo, kisha ghafla hupanda. Na kwa kuwa usukani tayari umekatwa, gari huruka moja kwa moja upande wa magari yanayokuja. Ajali ya uso kwa uso hutokea ndani ya sekunde moja. Lifaalo ni kushika usukani imara na kuelekea mbele, kuondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki kwa nguvu, kuacha gari lipungue hadi liwe karibu linatambaa, ndipo urudi juu ya lami taratibu. Kupunguza mwendo kwanza, kurudi baadaye.

Kisha subiri. Kuona shimo la mwisho hakumaanishi kwamba eneo limekwisha. Magari yanarudi kwenye njia zao, wengine wanaongeza mwendo kwa hasira ya foleni, na mara nyingi kuna mitambo inayoingia barabarani. Mwendo huongezwa kwenye kibao cha kuondoa kikomo.

Kuhusu muda unaopotea, nao unahesabika. Kipande cha ujenzi chenye urefu wa kilomita 2 hupitwa kwa dakika 4 ukienda kilomita 30 kwa saa. Ukienda kilomita 50 utatumia dakika 2 na sekunde 24. Umeokoa dakika moja na sekunde 36, nazo kwa kawaida huliwa na taa nyekundu inayofuata.

Nina wajibu wa kutaja upande wa pili, maana madereva wana malalamiko ya haki. Nimepita mwenyewe kwenye kibao cha kilomita 30 ambacho kazi yake ilikwisha zamani, lami imekamilika na mistari imechorwa, lakini kibao bado kimesimama kwa sababu hakuna aliyetumwa kukichukua. Nimepita pia mahali palipo na shimo bila koni hata moja, pana matawi ya mti tu. Mambo haya mawili ni ugonjwa mmoja. Kila kibao kinachosema uongo humfundisha dereva kutoamini kitakachosema kweli. Sisi hospitalini tunaijua hali hiyo: kengele ya mashine ikilia ovyo usiku kucha, muuguzi huacha kuisikia, na ndiyo usiku ambao mgonjwa huzidiwa. Kwa hiyo naamini mkandarasi anayeacha kibao kisicho na kazi ana sehemu yake katika ajali itakayotokea kwenye kibao chenye kazi, na msimamizi wa mradi akague vibao na koni kila jioni kabla ya kuwaruhusu watu kuondoka, tena akague kwa kupita na gari gizani na taa za chini.

Hata hivyo, malalamiko hayo hayampi dereva ruhusa ya kuchagua. Anapokikaribia kibao usiku hana njia ya kujua kama ni kile kilichosahauliwa au ni kile chenye kalvati mbele yake. Akikitii kilichosahauliwa atapoteza dakika moja na nusu. Akikipuuza chenye kazi, atapoteza alichopoteza kijana wangu. Daktari anayepewa machaguo ya namna hiyo hana sababu ya kufikiri mara mbili.

Kwa wahudumu wenzangu nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosafirisha wagonjwa. King'ora hakiwezi kupanua barabara. Kwenye njia iliyobanwa, gari la mbele halina pembeni pa kukupisha, na ukilisukuma kwa king'ora litaingia kwenye koni na kuzalisha mgonjwa wa pili. Lifuate kwa umbali hadi mwisho wa koni, lipishe hapo. Madereva wengine nao wakisikia king'ora nyuma yao ndani ya ujenzi waendelee mbele hadi watoke, wasitafute nafasi katikati ya mashimo. Na mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo au nyonga hupata madhara na maumivu kwa kila ngazi ya lami inayopitwa kwa kasi.

La pili ni kuhusu kalamu. Mgonjwa wa ajali anapofika, kwenye faili tunaandika "ajali ya pikipiki" au "ajali ya gari" na kuendelea na kazi. Tuongeze swali moja: je, ilitokea kwenye eneo la ujenzi? Kama ndiyo, wapi, saa ngapi, na kulikuwa na koni au taa? Ni sentensi mbili tu. Lakini wodi ikipokea wagonjwa wanne kutoka kwenye kipande kilekile cha barabara ndani ya mwezi mmoja, sentensi hizo zitatuwezesha kumwandikia mwenye mradi na askari wa usalama barabarani kuhusu shimo lenyewe, badala ya kuendelea kulisubiri lituletee wa tano. Tukinyamaza, kila mgonjwa atabaki kuwa mzembe mmoja mmoja, na hatari iliyowaunganisha haitaonekana.

Na kwa wagonjwa na ndugu zao, ambao wengi husafiri kama abiria: mna sauti. Mwambie dereva, "Kaka, twende polepole hapa pa koni, mimi sina haraka." Akipenya nyuma ya koni, mwambie akushushe. Mama aliyekuwa nyuma ya pikipiki ile aliniambia kwamba aliona koni, akajua si njia, akanyamaza kwa kuona haya kumfundisha mtu kazi yake.

Kijana alirudi kliniki baada ya miezi tisa. Mfupa ulikuwa umeunga, ingawa mguu umepungua sentimita moja na nusu na kifundo hakikunji kama zamani. "Shikamoo, daktari," alisema, akaketi na kuweka fimbo yake pembeni. Nilimwuliza alikujaje. Alisema alikuja kwa bodaboda ya rafiki yake, na kwamba walipopita penye koni alimshika begani akamwambia apunguze. Rafiki yake alimjibu kwamba hakuna mtu.

"Nikamwambia, tupo sisi," alisema.